Picha ya koki haitaji saizi mpaka uhesabu meno

Siku hizi koki ikiharibika, simu hutangulia spana. Mtu anaipiga picha, anairusha kwa ndugu yake aliyeko mjini, na chini yake anaandika maneno mawili: "Kama hii." Ukisimama nusu saa kwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Ngamiani, Tanga, utawaona watu wanainua simu juu ya kaunta na kumwonyesha muuzaji picha ya koki inayong'aa, imepigwa kwa mbele, mpini unaonekana vizuri, mdomo unaonekana vizuri. Sehemu moja tu haionekani, nayo ndiyo inayoamua kama koki mpya itaingia au haitaingia: shingo yake yenye meno, ile inayozama ukutani.

Matokeo yake ni kifaa kilichonunuliwa Jumamosi kurudishwa Jumatatu, na kila mtu kumlaumu mwenzake. Mnunuzi anasema kauziwa koki feki. Muuzaji anasema aliletewa picha mbaya. Fundi anasema watu hawajui kupima. Ukweli ni kwamba wote watatu wamezungukwa na majina ya saizi ambayo hayalingani na rula, na picha ambayo peke yake haina rula ndani yake. Mambo haya mawili yakieleweka, picha ya simu inatosha kabisa kununua kifaa sahihi, hata kama koki yenyewe iko Pangani au Muheza na duka liko Tanga mjini.

Tuanze na maneno. Meno ni ile mistari inayozunguka kwenye shingo ya koki kama parafujo. Kifaa chenye meno kwa nje huitwa dume, na chenye meno kwa ndani huitwa jike. Hatua ni umbali kutoka ncha ya jino moja hadi ncha ya jino linalofuata. Nipo ni kipande kifupi chenye dume pande zote mbili, hutumika kuunganisha majike mawili. Soketi ni kinyume chake, jike pande zote mbili. Bushi ni kipande cha kupunguza saizi, kwa mfano kutoka robo tatu kwenda nusu. Kwa makala haya, maneno hayo yanatosha.

Nusu inchi iko wapi kwenye nusu inchi?

Chukua koki ya kawaida ya uani, ile ambayo kila duka huiita "ya nusu". Pima upana wa shingo yake juu ya meno kwa rula. Utapata milimita 21. Inchi moja ni milimita 25.4, kwa hiyo nusu yake ni milimita 12.7. Hakuna milimita 12.7 kwenye hiyo shingo. Si kwamba koki ni mbovu. Nusu inchi hapo ni jina, kama namba ya kiatu: ukiweka rula kwenye soli ya kiatu namba 42, huioni 42 popote.

Jina lilitoka kwenye mabomba ya chuma ya zamani. Bomba liliitwa kwa tundu lake la ndani, yaani njia ya maji, na tundu hilo lilikuwa karibu na nusu inchi. Meno yalichongwa kwa nje, juu ya ukuta wa bomba, kwa hiyo lazima yawe mapana kuliko tundu. Baadaye kuta za bomba zilifanywa nyembamba zaidi na tundu likaongezeka kidogo, lakini meno ya nje hayakuguswa, kwa sababu yangeguswa, bomba jipya lisingeingia kwenye soketi ya zamani. Umbo la meno yenyewe linatokana na kazi ya mhandisi Mwingereza, Joseph Whitworth, ambaye mwaka 1841 alipendekeza meno yote yachongwe kwa pembe ya nyuzi 55. Mabomba ya Kiingereza yalifuata umbo hilo, nasi tukayapokea pamoja na mabomba yenyewe. Ndiyo maana koki iliyotengenezwa China mwaka jana inaingia bila ugomvi kwenye soketi iliyofungwa kabla ya uhuru.

Sasa angalia balaa linavyoingia. Mtu makini, asiyetaka kubahatisha, anachukua futi na kupima shingo ya koki yake ya robo tatu. Anapata milimita 26 na kidogo, na upande wa pili wa futi anaona inchi moja na kidogo. Anaenda dukani kifua mbele kuomba koki ya inchi moja, na anapewa dude lenye shingo ya milimita 33. Mwenye koki ya nusu naye anapima jike lililobaki ukutani, kwa ndani, anapata milimita 18 na nusu hivi, na robo tatu ya inchi ni milimita 19. Anaomba robo tatu. Futi humpandisha mnunuzi daraja moja karibu kila mara, na wanaoumia zaidi ni wale waliojitahidi kupima.

Kwa hiyo kumbuka namba tatu za dume, kwa upana wa nje: nusu ni milimita 21, robo tatu ni milimita 26 na nusu, inchi moja ni milimita 33. Ukipima na kupata moja kati ya hizo, taja jina lake, wala usimtajie muuzaji milimita. Ukimtajia milimita atakupeleka kwenye rafu nyingine kabisa, na hapo ndipo penye mkanganyiko wa pili.

Mabomba ya plastiki yanayounganishwa kwa moto, yale ya kijani au meupe yanayoandikwa PPR, pamoja na mabomba meusi ya kuzika ardhini, huitwa kwa upana wao wa nje, tena kwa milimita halisi: 20, 25, 32. Humo namba inasema kweli. Bomba la 20 kwa kawaida ndilo linaloishia kwenye meno ya nusu inchi, na kiungo chake huandikwa ubavuni 20x1/2, yaani upande mmoja unapokea plastiki ya milimita 20 na upande wa pili una meno ya nusu. Sasa mtu akipima shingo ya koki, akapata 21, akaomba "kiungo cha 20", anaweza kupewa soketi ya plastiki tupu isiyo na jino hata moja. Mbaya zaidi, kwenye vifaa vya shaba huwa kumechongwa DN15, DN20 au DN25. Hizo maana yake ni nusu, robo tatu na inchi. DN20 ni robo tatu, ilhali PPR 20 huenda na nusu. Namba ileile, saizi mbili. Katika picha yoyote unayoipiga, kama kuna maandishi kwenye mwili wa kifaa, yapige kwa karibu mpaka yasomeke, maana G1/2 au DN15 iliyosomeka inamaliza mjadala mzima. Herufi G au R iliyotangulia inahusu kama meno yamenyooka au yanakonda kuelekea mdomoni, haibadilishi jina la saizi.

Kwa nini rula pembeni haitoshi

Ushauri unaotolewa sana ni huu: weka rula au sarafu kando ya kifaa, kisha piga picha. Ni ushauri mzuri, ila una tundu, na tundu lenyewe ni kubwa kiasi cha kukugeuza kutoka nusu kwenda robo tatu.

Kamera ya simu hukuza kilicho karibu nayo na kudogosha kilicho mbali. Hili kila mtu analijua kwa nyuso za watu, lakini kwenye koki tunalisahau. Tuseme umeisimamisha koki mezani, mdomo wa shingo yenye meno unaitazama simu, na rula imelala mezani. Mdomo wa shingo uko sentimita 4 juu ya meza. Simu iko sentimita 20 juu ya meza. Basi rula iko sentimita 20 kutoka kwenye simu, na meno yako sentimita 16 tu. Meno yataonekana makubwa kwa kiasi cha 20 kugawanya kwa 16, yaani mara 1.25. Milimita 21 zikizidishwa kwa 1.25 zinatoa milimita 26 na robo. Aliyeko mjini akisoma rula kwenye picha anaona 26, na 26 ni robo tatu. Amesoma sawasawa, na bado amekosea.

Dawa yake ni kuinua rula iwe kimo kimoja na kile kinachopimwa. Iegemeze juu ya kiberiti au kitabu mpaka ukingo wake uwe sambamba na meno, kisha rudi nyuma na simu, nusu mita au zaidi, na uivute picha baadaye kwa vidole. Kadiri simu inavyokuwa mbali, ndivyo tofauti ndogo ya kimo inavyopoteza nguvu. Kwa umbali wa sentimita 60, ule mwinuko wa sentimita 4 unapotosha kwa asilimia 7 tu, na hiyo haitoshi kuigeuza nusu kuwa robo tatu.

Na tafadhali, rula ya mtoto wa shule inatosha. Wapo wanaoweka kadi ya benki kando ya koki kwa sababu kadi zote zina urefu mmoja, milimita 85.6. Kipimo ni sahihi, lakini umemtumia mtu namba ya kadi yako kwa ajili ya koki ya shilingi chache.

Meno yenyewe ndiyo rula

Kuna njia nyingine ambayo naiamini kuliko rula, kwa sababu inafanya kazi hata kwenye picha iliyopigwa bila kipimo chochote. Meno ya nusu inchi na ya robo tatu yana hatua moja: meno 14 kwa kila inchi, yaani milimita 1.8 kutoka ncha hadi ncha. Lakini upana wa shingo ni tofauti. Kwa hiyo ukilinganisha upana na hatua ndani ya picha hiyohiyo, uwiano unakuambia saizi, iwe picha imevutwa au imedogoshwa. Upana na meno viko kwenye kifaa kimoja, ukingo mmoja, umbali mmoja kutoka kwenye simu.

Unafanya hivi. Koki inalazwa ubavu na kupigwa picha kwa ubavu, meno yakionekana kama msumeno kwenye ukingo wa juu na wa chini. Fungua picha, ivute ijaze kioo, kisha weka rula juu ya kioo cha simu. Pima upana wa shingo kutoka ncha za juu hadi ncha za chini. Halafu pima urefu wa hatua tano kwenye ukingo. Gawanya upana kwa urefu wa hatua tano. Nusu inchi itakupa 2.3. Robo tatu itakupa 2.9. Tofauti hiyo ni kubwa ya kutosha kuonekana hata kama mkono ulitetemeka kidogo.

Makosa mawili huharibu hesabu hii, na yote mawili hukusukuma upande uleule wa robo tatu. La kwanza ni kuhesabu ncha badala ya nafasi. Hatua tano zina ncha sita. Ukihesabu ncha tano umepima hatua nne, na 2.3 yako inageuka 2.9. Anza kuhesabu kwa sifuri kwenye ncha ya kwanza, hapo huwezi kupotea. La pili ni koki iliyoinama. Shingo ikielekea kwenye simu kidogo, urefu wake kwenye picha unafupika ilhali upana unabaki palepale. Utajua kwa kuangalia mdomo wa shingo: katika picha iliyonyooka mdomo huonekana kama mstari, na katika picha iliyoinama unaona tundu lenye umbo la yai. Ukiona yai, omba picha nyingine.

Njia hii ina mpaka wake. Inchi moja ina meno makubwa zaidi, 11 kwa kila inchi, na uwiano wake ni 2.9 vilevile, sawa na robo tatu. Picha bila rula haiwezi kuzitenganisha. Ukipata 2.3 nunua nusu bila wasiwasi. Ukipata 2.9, ongeza kipimo kimoja cha kweli, na kilicho rahisi kuliko vyote ni kipande cha karatasi.

Kata ukanda mwembamba wa karatasi, uzungushe juu ya meno ya dume mara moja, uweke alama pale unapokutana, uunyooshe na kuupima. Nusu inchi huzunguka kwa sentimita 6.6. Robo tatu ni 8.3. Inchi moja ni 10.4. Mzunguko hukuza tofauti zaidi ya mara tatu kuliko upana, ndiyo maana hata mtu asiyeona vizuri mistari ya milimita hawezi kuchanganya 6.6 na 8.3. Karatasi hiyo ikilazwa kando ya rula na kupigwa picha, haina mambo ya kimo wala mwinuko, kwa kuwa vyote viwili ni bapa.

Koki ya Pangani

Chukua mfano wa shangazi aliyeko Pangani na mpwa wake aliyeko Tanga mjini. Gari la mwisho kurudi Pangani linaondoka jioni, na mpwa anataka kulipa konda mzigo uende leo.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba, hujambo? Koki ya uani imenishinda, imepasuka shingoni, maji yanamwagika tu. Nimeifungua, nimekupigia picha. Niletee kama hiyo hiyo."

Picha inaonyesha koki imesimama sakafuni, meno juu, rula ya mjukuu imelala chini kando yake. Mpwa anasoma 26. Anakaribia kusema robo tatu, ila anaona kwamba ukingo wa rula uko chini sana ya meno, na sakafu imefifia kidogo ilhali meno ni makali. Hiyo ni dalili tosha: vitu viwili visivyo makali sawasawa kwenye picha ya karibu haviko umbali mmoja.

"Shangazi, ilaze ubavu. Kwanza ondoa hiyo tepu nyeupe yote, sugua kwa mswaki mkuukuu mpaka mabonde yaonekane. Halafu ipigie picha mlangoni, mwanga uingie kwa ubavu."

Kuhusu tepu hakuwa anatafuta usafi. Tepu ya zamani hujaa kwenye mabonde na kufanya meno yaonekane machache, na maji ya visima vya pwani huacha ukoko wa chumvi unaofanya kazi hiyohiyo. Mwanga wa ubavuni huweka kivuli ndani ya kila bonde. Mwanga wa simu yenyewe hufuta vivuli vyote na kukuachia shingo inayong'aa kama chupa.

Picha ya pili inafika. Mdomo ni mstari ulionyooka. Mpwa anaivuta, anaweka rula juu ya kioo: upana milimita 46, hatua tano milimita 20. Arobaini na sita kugawanya kwa ishirini ni 2.3. Ni nusu inchi. Anaomba karatasi kwa ajili ya uhakika, na shangazi anajibu kwa sauti kwamba imezunguka "sita na nusu na kitu". Yamekubaliana.

Angeishia hapo angekuwa amepata koki. Lakini shangazi amesema jambo moja kati ya mengine: koki hiyo ndiyo anayovalisha mpira wa kumwagilia mchicha, na mpira una kifundo cha kufunga kwa kuzungusha. Koki za aina hiyo zina meno sehemu mbili. Shingo inayoingia ukutani ni nusu, na mdomo unaotoa maji mara nyingi una meno ya robo tatu kwa nje, ya kupokea kifundo cha mpira. Imani kwamba koki ya nusu ni nusu kote imewafanya watu wengi kununua kifundo kisichoingia, au koki mpya yenye mdomo laini usio na meno kabisa, na mpira ukabaki unafungwa kwa kamba. Mpwa anaomba picha ya ubavu ya mdomo pia. Upana milimita 49, hatua tano 17, jibu ni 2.9, nayo kwenye mdomo wa koki ya uani haiwezi kuwa inchi moja kwa sababu ingekuwa pana kuliko mwili wenyewe wa koki. Ni robo tatu. Mashine za kufulia nazo hutumia robo tatu kwenye mpira wa kuingizia maji, ukitaka kujua mdomo huo una kazi gani nyingine.

Swali la mwisho analouliza ndilo ambalo wengi hulisahau: "Ukutani kumebaki nini?"

Picha ya koki inaeleza kilichotoka. Kifaa kipya kinaingia kwenye kilichobaki. Mara nyingi, koki ya zamani ikifunguliwa hutoka na nipo au bushi iliyokuwa imejibana nayo, na ukiipiga picha unaona meno ambayo si ya koki bali ya bushi. Dalili yake ni mstari mwembamba unaozunguka shingo, au pembe sita za kushikia spana mahali ambapo koki yenyewe haina pembe. Shangazi anapiga picha ukutani: jike la shaba ndani ya plastiki ya kijani, na ubavuni pamesomeka 20x1/2. Mpwa ananunua koki ya nusu yenye mdomo wa robo tatu, na roli moja ya tepu. Mzigo unapanda gari.

Namna ya kuomba kaunta

Hapa kuna kosa la lugha linalogharimu watu. Mtu anasema "nataka jike la nusu", na muuzaji hajui kama hilo jike ndilo alilonalo nyumbani au ndilo analotaka kununua. Sema kile kilichopo nyumbani na uongeze neno nyumbani: "Ukutani nina jike la nusu, nataka koki ya kuingia humo." Muuzaji mwenyewe atachagua dume. Kama unaunganisha vitu viwili, taja vyote viwili. "Nina jike la nusu ukutani na jike la nusu kwenye mpira wa sinki" ni sentensi inayomfanya akupe nipo au valvu ndogo ya pembeni bila swali la pili.

Na usikubali kauli kwamba tepu nyingi itaziba. Tepu hujaza nafasi ndogo kati ya meno yanayolingana, haigeuzi saizi. Njia ya kujua ukiwa bado dukani ni kufunga kwa mkono, bila tepu, kwenye soketi ya saizi hiyo. Meno yanayolingana huingia mizunguko kadhaa kwa ulaini. Yakishika mizunguko miwili kisha yakagoma kwa ghafla, simama hapo, usiongeze spana. Huenda umeshika kifaa chenye meno ya Kimarekani: nusu yao ina meno 14 kwa inchi kama yetu, ila pembe ni nyuzi 60 na shingo ina milimita 21.3. Kwenye picha huwezi kukitofautisha na chetu kwa macho. Hupatikana zaidi kwenye vifaa na mashine zilizotumika zilizotoka Marekani, kwa hiyo muulize mwenye kifaa kilitoka wapi kabla hujauliza kina saizi gani.

Kuna meno mengine yatakayokuchanganya kwa muda mfupi tu: yale membamba ya mdomo wa bomba la sinki, pale kinapokaa kichujio kidogo cha wavu. Hatua yake ni milimita 1 kamili, na upana ni 24 kwa kichujio cha dume au 22 kwa mdomo wenye meno ya nje. Ukigawanya kwa njia ileile utapata zaidi ya 4. Namba hiyo ikitokea, jua kwamba hicho si kifaa cha nusu wala robo tatu, na kifundo cha mpira wa kumwagilia hakitaingia hapo bila kipande maalumu cha kubadilishia.

Kinachoshinda picha zote ni jike lililo ndani ya ukuta. Kamera inaona duara na kivuli, haioni ukingo wa meno, kwa hiyo hesabu ya hatua haifanyiki. Pima tundu kwa ndani, ncha hadi ncha: milimita 18 na nusu ni nusu, 24 ni robo tatu, 30 ni inchi. Kama kipande cha dume kimekatikia humo, usipime chochote, maana utakuwa unapima tundu la kipande kilichovunjika. Funga valvu kubwa ya mita, mwite fundi akitoe kwanza, kisha upime hicho kipande akishakuwekea mkononi.